Wastani wa Hisabati umepanda muhula wa kwanza na wa pili, lakini wa mwaka mzima umeshuka. Nimekosea wapi?

Mwl Kifutio
Wakuu habari za jioni. Nafundisha Hisabati darasa la sita, wanafunzi 40 mwaka jana, 40 mwaka huu. Muhula wa kwanza mwaka jana wastani ulikuwa 60, mwaka huu 64. Muhula wa pili mwaka jana 40, mwaka huu 44. Yaani nimepanda alama 4 kote kote. Sasa nimemwaga alama zote za mwaka kwenye Excel, nikaandika `=AVERAGE(D2:D161)`. Mwaka jana inanipa 55, mwaka huu 49! Nimerudia mara tatu. Kesho kutwa nakaa na mwalimu mkuu, nitamwambia nini?

Namba Hazidanganyi
Mkuu, wastani wa kila muhula achana nao. Kanuni inajulikana: jumlisha alama zote, gawanya kwa idadi. 49 ndiyo jibu, ufaulu umeshuka. Meza tu.

Mama Sikitu
Afadhali umeleta hii. Mwanangu alipata 70 muhula wa kwanza na 80 wa pili, ripoti ikaandikwa 77. Mimi napata 75. Wamekosea au ndiyo mambo haya haya?

Bi Mizani
Mwalimu, kabla hatujakuhukumu: kila muhula ulitoa majaribio mangapi?

Mwl Kifutio
Mwaka jana matatu muhula wa kwanza, moja wa pili. Mwaka huu hela ya kudurufu ilichelewa, nikatoa moja muhula wa kwanza na matatu wa pili. Hakuna aliyekosa jaribio hata moja.

Bi Mizani
Basi mchawi tumempata. Mwaka jana una karatasi 120 za muhula wa kwanza zenye wastani wa 60, hizo ni alama 7,200. Za muhula wa pili ni 40 zenye wastani wa 40, alama 1,600. Jumla 8,800, gawanya kwa 160, unapata 55.

Mwaka huu umegeuza. Karatasi 40 kwa wastani wa 64 ni 2,560, na karatasi 120 kwa wastani wa 44 ni 5,280. Jumla 7,840, gawanya kwa 160, 49 yako hiyo.

Excel haijakosea na wewe hujakosea. Muhula wa pili nadhani ndio wenye mafumbo, watoto huanguka kila mwaka. Mwaka jana karatasi ngumu zilikuwa robo ya rundo, mwaka huu ni robo tatu. Watoto wamepanda kote, ila rundo lenyewe limejaa karatasi ngumu. Kwa hiyo ndugu yetu wa "meza tu" yuko sahihi kwamba 49 ni wastani wa karatasi zote. Alipoteleza ni kusema kwamba ufaulu umeshuka.

Ukitaka kulinganisha miaka, ipe mihula uzito ule ule. Nusu kwa nusu: mwaka jana 50, mwaka huu 54. Tumia uzito wa mwaka jana, robo tatu kwa robo: 55 dhidi ya 59. Tumia wa mwaka huu: 45 dhidi ya 49. Chagua wowote, tofauti ni 4 ile ile, kwa sababu kila muhula umepanda 4.

Mama Sikitu, lako ni jingine. Huenda shule imeupa muhula wa pili uzito wa asilimia 70: 21 na 56 ni 77. Waulize.

Namba Hazidanganyi
Hapo kwenye uzito sawa nimeelewa, nakubali. Lakini nani kasema nusu kwa nusu ndiyo haki?

Bi Mizani
Hakuna aliyesema. Ndiyo maana uzito unaamuliwa Januari, kabla alama hazijaonekana.

Kijana wa Takwimu
Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, kiliwahi kuingia kwenye mtego huu. Mwaka 1973 walikubaliwa karibu asilimia 44 ya wanaume walioomba na asilimia 35 ya wanawake. Walipochambua idara moja moja, upendeleo wa jumla kwa wanaume haukuonekana. Wanawake wengi waliomba idara zinazokataa watu wengi.

Ila mwalimu, mimi nina wasiwasi mwingine. Hao 40 wa mwaka huu si wale wa mwaka jana. Na je, maswali yalikuwa yale yale?

Mwl Kifutio
Muhula wa kwanza nilirudia karatasi ya mwaka jana. Muhula wa pili nilitunga mapya, na sina njia ya kujua kama yalikuwa mepesi zaidi.

Bi Mizani
Basi ile 4 ya muhula wa pili usiiapie mbele ya mkuu. Mpelekee safu mbili, za muhula wa kwanza na wa pili, na chini ya kila wastani andika idadi ya karatasi. Kama muhula uko safu B, `=COUNTIF(B2:B161,1)` itakuhesabia za muhula wa kwanza.

Mwl Kifutio
Nimeijaribu sasa hivi. Mwaka jana 120, mwaka huu 40. Kumbe jibu lilikuwa kwenye hela ya kudurufu.