Naomba ushauri: bei ya kubadilisha mandhari ya picha, na marekebisho yaishie wapi?

KijanaWaMbagala: Wakuu, habari za jioni. Nimeanza kazi ya kubadilisha mandhari ya nyuma kwenye picha za wauzaji wa mtandaoni. Natoza 1,000 kwa picha. Naomba mnisaidie kupanga bei, idadi ya marekebisho na namna ya kukabidhi mafaili. Siku ya pili sijalala vizuri.

MzeeWaStudio: Kijana, sisi tulitundika shuka jeupe, taa mbili, basi. Mteja akipiga vizuri tangu mwanzo hutakuwa na cha kubadilisha.

MamaMitumba: Mimi nilimlipa kijana 20,000 za picha za magauni, akapotea mwezi mzima. Msipokee hela ya watu kama hamjajipanga.

FundiKingo: Mkuu, bei inafuata kingo za kitu kilichopigwa. Ni picha za nini?

KijanaWaMbagala: Bidhaa za kawaida tu.

FundiKingo: Kiatu ni bidhaa, shela nayo ni bidhaa. Taja.

KijanaWaMbagala: Mawigi. Picha 60. Nimeshapokea 60,000 yote, na nilimwandikia kwamba marekebisho hayana kikomo mpaka aridhike. Nilipiga hesabu ya dakika tano kila picha. Hata hivyo sioni kama nimekosea sana, ana wenzake wengi Kariakoo na nikimridhisha atawaleta.

FundiKingo: Atawaleta kwa bei hiyohiyo. Umemaliza ngapi?

KijanaWaMbagala: Nne. Kila moja imekula kama dakika 25.

FundiKingo: Basi 60 ni saa 25, yaani 2,400 kwa saa kabla ya bando, umeme na marekebisho. Mimi kiatu au boksi ni 1,500, mtu aliyefunga kilemba 2,500, wigi au manyoya 5,000. Glasi na shela sitaji bei mpaka niione picha, kwa sababu mandhari ya zamani inaonekana ndani yake.

Marekebisho nayatenga. Kosa langu, kama ukingo uliokatwa vibaya, nalirekebisha bure hata mara kumi. Mteja akibadili mawazo ana raundi mbili ndani ya siku saba, na kila raundi aandike yote kwenye ujumbe mmoja. Akishakubali kisha akataka rangi nyingine, hiyo ni kazi mpya, 1,000 kwa picha.

Na usianze zote. Fanya mbili, ile rahisi na ile ngumu kuliko zote, uweke alama yako katikati, umtumie. Akikubali, ndipo uendelee na zilizobaki.

Nusanusa: Mtumie PNG zote WhatsApp, PNG haipotezi ubora.

FundiKingo: PNG yenyewe haipotezi, ila ukiituma kama picha, WhatsApp inaibana na ile sehemu ya nyuma iliyo wazi inajazwa rangi. Tuma kwa njia ya Document, au weka kwenye Drive. Mpe JPG yenye nyuma nyeupe ya kupostia, na PNG isiyo na nyuma ya kutengenezea tangazo. Faili la kazi lenye matabaka lina bei yake. Mwambie pia kwamba utazitunza siku 30 tu. Na wewe alikutumiaje?

KijanaWaMbagala: WhatsApp. Majina yanasomeka `IMG-20250312-WA0014.jpg`.

FundiKingo: Hiyo WA inaonyesha zimeshabanwa. Vuta karibu kwenye ncha za nywele utaona vijiboksi. Hakuna ufundi wa kurudisha unywele ambao haupo. Omba asili kutoka simu iliyopiga.

ShakaTupu: Hii ni chai. Nani Kariakoo anatoa 60,000 kamili kwa mtu aliyeanza juzi? Au FundiKingo ndiye huyohuyo anatangaza bei zake.

MamaMitumba: Hata mimi nimeshangaa.

KijanaWaMbagala: Si chai. Ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilipia hata kompyuta. Ndiyo maana siwezi kumwambia bei imepanda.

MzeeWaStudio: Ungesema mapema, mwanangu. Shangazi anaambiwa ana kwa ana, tena ukiwa umekaa.

FundiKingo: Bei ya hizi 60 iache. Zungumza naye marekebisho tu, na picha za asili.

KijanaWaMbagala: Nimerudi. Nilimtumia mbili. Wigi la bobu amelipenda. Lile la kutimka anataka nyuma iwe ya waridi, na binti yake anataka kijivu.

Nusanusa: Hiyo ni kazi mpya, mtoze.

FundiKingo: Hapana, hajakubali bado, hiyo ni raundi ya kwanza. Muulize msemaji ni nani kati yao, na rangi atakayoitaja iwe ya zote 60. Asili amekupa?

KijanaWaMbagala: Anasema simu iliyopiga aliiuza.