Ushauri: Karata za uchumba, matokeo yametoka Tisa ya Vikombe. Ni kuridhika au kubweteka?

Binti_Pasua:
Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Naombeni mnisaidie kusoma karata hizi za taroti, maana nimezitazama hadi sioni tena jipya.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Mwenzangu ni dereva wa watalii, anaishi Sakina kule Arusha. Tuko pamoja tangu mwaka juzi na hatugombani. Akipata nafasi anapanda Kosta anakuja, tunakaa vizuri, nyumbani wanamjua na wanampenda. Ila kila nikigusia barua ya posa ananiambia, "Mama, kwani tuna shida gani?" Anasema kwa upendo kabisa, na kweli shida hatuna. Ndiyo maana nashindwa kujua kama nilalamike au nishukuru.

Nikatandaza Msalaba wa Kikelti, ule mpangilio wa karata kumi, kwa pakiti ya Rider-Waite-Smith. Swali nililouliza: uchumba huu ukiendelea hivi, unaelekea wapi? Kiashiria, yaani karata ya kumwakilisha anayeuliza, sikuweka, na karata zote zimetoka wima.

Ya kwanza Mbili ya Vikombe. Iliyolala juu yake Nne ya Sarafu. Juu Jua, chini Sita ya Vikombe, nyuma Nane ya Fimbo, mbele Mtu Aliyening'inia. Safu ya pembeni kuanzia chini: mimi mwenyewe Malkia wa Sarafu, mazingira Kumi ya Sarafu, matumaini na hofu Kumi ya Vikombe, na ya mwisho Tisa ya Vikombe.

Kila ninakosoma naambiwa Tisa ya Vikombe ni karata ya kupata unachotamani. Sasa mbona nikiitazama sifurahi?

Mjukuu_wa_Bibi:
Dada, hongera! Bibi yangu alikuwa anasoma karata hizi za kawaida za kuchezea, na tisa ya kopa kwake ilikuwa karata ya matamanio. Ikitoka alikuwa anafunga karata palepale na kusema kazi imeisha. Umeomba ndoa, umepewa. Barua itakuja, usimsumbue kaka wa watu.

Mlokole_Kijenge:
Mpendwa, mambo ya ramli mimi sikushauri. Mshirikishe mchungaji wako au paroko, na mfunge pamoja na kuomba. Nasema kwa nia njema.

Binti_Pasua:
Asante mpendwa, nimepokea. @Mjukuu_wa_Bibi, sikuuliza kama nitaolewa, niliuliza unaelekea wapi. Ndiyo maana nasita.

Mama_Njiro:
Mdogo wangu, umefanya vizuri kulitaja swali lako jinsi lilivyokuwa, kwa sababu karata ya matokeo hujibu swali lililoulizwa. Haijibu lile lililokuwa moyoni.

Itoe hiyo Tisa uiweke peke yake mezani. Mwanamume mnene ameketi kwenye benchi la mbao, kofia nyekundu, mikono ameikunja kifuani. Nyuma yake kuna meza iliyojipinda, imefunikwa kitambaa cha buluu, na vikombe tisa vimepangwa juu yake. Sasa angalia vikombe viko wapi. Vyote viko mgongoni kwake, mkononi hana hata kimoja. Halafu angalia yuko na nani. Yuko peke yake. Kwenye Mbili ya Vikombe uliyoanza nayo, watu wawili wanatazamana, kila mmoja na kikombe chake. Kwenye Kumi kuna mume na mke wameinua mikono chini ya upinde wa mvua, na watoto wawili wanacheza pembeni. Wewe umetoka kwenye Mbili, unatumaini Kumi, na matokeo yamesimama kwenye Tisa. Nadhani hicho ndicho kinachokunyima furaha, na jicho lako limeona sawasawa.

Waite, aliyeitoa pakiti hii mwaka 1909 kwa michoro ya Pamela Colman Smith, anaeleza kwamba huyu bwana ameshakula akaridhika, na vinywaji vilivyo nyuma yake vinaonyesha kuwa hata kesho yake ina uhakika. Lakini anaongeza kwamba picha inaonyesha upande wa mwili na mali tu. Maana anazotoa ni maelewano, kuridhika, ushindi, na kutosheka kwa *yule anayeuliza*. Aliyeuliza ni wewe. Kwa hiyo usikimbilie kumkalisha mchumba wako kwenye lile benchi, huenda aliyeketi pale ni wewe.

Mimi nikitaka kutenganisha kuridhika na kubweteka, hii karata huwa siiulizi peke yake. Naangalia moto uko wapi kwenye tandazo zima. Moto ni Fimbo, nawe unayo moja tu, Nane, na imekaa nyuma, mahali pa yaliyopita. Bila shaka mlianza kwa kasi, simu usiku na mchana. Mapanga hakuna hata moja, na Mapanga ndiyo maneno makali na maamuzi. Katika karata kumi, nne ni Vikombe na tatu ni Sarafu: mapenzi yapo na utulivu upo, ila hakuna anayelisema jambo likakatika. Na mbele yenu ameningʼinia mtu mguu mmoja. Ile Nane ya Fimbo ingetoka mbele badala ya nyuma, au ungepata Gari la Vita pale, ningekuambia hii Tisa ni pumziko la njiani. Kwa mpangilio huu naona hatari ya watu wawili waliozoea raha ya uchumba kiasi cha kutoona haja ya ndoa.

Dogo_Himo:
Mimi naona unaogopa bure. Imetoka wima, na wima ni nzuri. Ingetoka kichwa chini ndiyo ingekuwa kubweteka. Kama moyo hautulii, changanya upya utandaze tena mpaka upate jibu linaloeleweka.

Mama_Njiro:
Mwanangu, umesema kweli kwamba wasomaji wengi siku hizi wanaichukua ya kichwa chini kuwa ulafi na kujiona. Lakini Waite mwenyewe kwa kichwa chini ameweka ukweli, uaminifu na uhuru, ndipo akaongeza kwamba wengine wanasoma makosa na kasoro. Kwa hiyo kivuli cha karata hii hakisubiri igeuzwe. Kinakaa humohumo kwenye ile mikono iliyokunjwa.

Na kuchanganya mpaka upate unalotaka usimfundishe dada yako. Mwisho wake atakuwa anajisomea hofu yake tu.

Shangazi_Kiborloni:
Binti, mimi karata sizijui lakini haya ya kwako nimeyaishi. Mzee wangu tulikaa uchumba mtamu, kila Krismasi anakuja kijijini na zawadi, anakaa na baba, mbege inanywewa, anaondoka. Baba hakuuliza kwa sababu alimpenda. Mimi sikuuliza kwa sababu niliogopa kuharibu. Siku moja kaka yangu mkubwa akamwambia mbele ya wote, "Shemeji, mshenga wako ni nani?" Akanyamaza, halafu akamtaja rafiki yake palepale. Barua ililetwa kabla ya Pasaka. Sikiliza, hakuwa amekataa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza swali lenye jibu.

Kaka_UsaRiver:
Naomba nimtetee kaka, kwa sababu na mimi kazi yangu ni hiyohiyo. Dereva wa watalii analipwa kwa safari. Aprili na Mei mvua za masika zinanyesha, wageni hakuna, gari limepaki. Ukiona Nne ya Sarafu, yule mtu aliyekumbatia sarafu yake kifuani na nyingine mbili kazikanyaga, mimi namwona mtu anayelinda akiba ya mahari. Na mazingira umesema ni Kumi ya Sarafu: mzee na mbwa wake, familia, mali ya ukoo. Kaka anajua familia yenu inatarajia nini, hataki kuja mikono mitupu.

Hata huyo Aliyeningʼinia, mtazameni uso. Hateseki, ametulia, na kichwani ana mwanga. Amekubali kusubiri. Mama Njiro nakuheshimu, lakini kusubiri kwa makusudi si kubweteka.

Mama_Njiro:
Umenena, na siwezi kusema umekosea. Nne ya Sarafu inabeba yote mawili, akiba na uchoyo wa kubadilika. Karata haiwezi kutuambia kaka anaweka pesa benki au haweki, hilo anajua yeye.

Pale ambapo karata ya kumi haitoi uamuzi, Waite ameacha njia yake, nayo si kuchanganya ovyo. Anasema uirudie kazi, safari hii ukiifanya ile karata ya kumi kuwa kiashiria. Binti, toa Tisa ya Vikombe uiweke katikati uso juu, changanya zilizobaki, utandaze kumi juu yake na kuizunguka. Uliza hivi: ndani ya kuridhika huku mna nini? Fanya mara moja tu. Na ya mwisho ikiwa ya mtu, yaani Mfalme, Malkia, Mpanda Farasi au Kijana wa aina yoyote, basi ujue matokeo yako mikononi mwa mtu huyo.

Binti_Pasua:
Nimefanya jana usiku baada ya kufunga kazi. Sitaziandika zote, ila mbili zimenishtua. Iliyolala juu ya Tisa ni Mbili ya Mapanga, yule mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na mapanga mawili yamepishana kifuani. Nimeona mikono yangu pale kabisa. Ya kumi imetoka Mpanda Farasi wa Sarafu, wima.

Kaka_UsaRiver:
Si nilisema! Huyo ndiye kaka mwenyewe. Mtu wa wajibu, ameshika sarafu yake, na nyuma yake shamba limeshalimwa.

Mama_Njiro:
Ni mtu wa wajibu kweli. Lakini wapanda farasi wako wanne, na huyu ndiye pekee ambaye farasi wake amesimama kabisa, miguu yote minne chini. Sarafu ameishika, hajampa mtu. Matokeo yako mikononi mwake, hapo tumekubaliana. Atatembea lini, hapo mimi na wewe kila mtu abaki na lake.

Hiyo Mbili ya Mapanga, mdogo wangu, ndiyo Panga ulilolikosa mara ya kwanza, na limetoka kwa mwanamke. Unapomwuliza kuhusu barua, huwa unamtajia mwezi?

Binti_Pasua:
Hapana mama. Huwa nasema "lini" halafu nacheka, ili asione kama namlazimisha.

Shangazi_Kiborloni:
Basi taja mwezi, na usicheke. Na kaka yako mkubwa yupo?

Binti_Pasua:
Yupo, shangazi. Mwenzangu yuko Serengeti na wageni, anarudi Ijumaa. Nitamwambia mimi mwenyewe kwanza, nitamtajia Desemba, familia zote zikiwa nyumbani. Kaka nitamshirikisha baadaye. @Kaka_UsaRiver, naomba unisaidie hili moja: kwa msimu huu, Desemba kwa dereva ni mapema mno?

Kaka_UsaRiver:
Barua si mapema, dada. Barua na mshenga havihitaji pesa nyingi. Mahari yote kwa Desemba ndiyo inaweza kumkaba, inategemea amepata safari ngapi tangu Juni. Mwulize hayo mawili kila moja kivyake.