Vipimo vya mirija kwa bakteria wa tumbo: tuvilipie au tuviache?

Mjumbe wa bodi: Niko kwenye bodi ya afya ya halmashauri yetu. Maabara ya hospitali ya wilaya imeomba fedha za kuotesha vijidudu, pamoja na vitendanishi vya kumtambulia bakteria: oksidesi, katalesi, indoli na sitreti. Wenzangu wanasema hayo ni mambo ya kizamani, afadhali tununue vipimo vya haraka vya taifodi, na sampuli ngumu ziende mkoani kwenye mashine. Mnaonaje?

Mkongwe wa maabara: Mheshimiwa, nimekaa benchi la bakteria miaka ishirini na sita, na mimi ningelipa. Ila si kwa kila hospitali, na nitakueleza kwa kisa kimoja.

Alikuja kijana wa bodaboda, homa siku ya tisa. Tulimtoa damu mililita kumi, ikaingia kwenye chupa ya mchuzi, ikakaa kwenye inkubeta nyuzi 37. Siku ya pili mchuzi ulikuwa umechafuka. Tukaotesha, na kesho yake agari ya Makonki ilikuwa na koloni zilizopauka, zisizo na waridi hata kidogo, yaani bakteria wasiokula sukari ya maziwa. Oksidesi hasi. Katalesi ilitoa povu papo hapo. Tukapanda mirija, tukaenda nyumbani.

Asubuhi indoli ilikuwa na pete ya njano, yaani hasi, kwa hiyo wazo la E. coli likaondoka. Mrija wa TSI, ule wa sukari tatu na chuma, ulikuwa mwekundu juu na wa manjano chini, hauna hata kiputo cha gesi, na pale rangi mbili zinapokutana palikuwa na weusi mwembamba kama sharubu za mvulana. Lakini sitreti ilikuwa bluu. Salmonela ya taifodi haili sitreti, na salmonela nyingi nyingine zinakula. Kijana aliyekuwa zamu akaandika "salmonela isiyo ya taifodi", jibu likaenda wodini.

Mimi ule mrija wa TSI ulinikaa rohoni. Salmonela hizo nyingine kwa kawaida hutoa gesi na huutia weusi mrija wote. Nikamwuliza yule kijana alipandaje sitreti. Akanionyesha: alichota lupu nzima ya koloni, akaipaka kama siagi kwenye mkate. Kosa lilikuwa hapo. Katika agari ya sitreti ya Simonsi, kaboni pekee iliyomo ni ile ya sitreti yenyewe. Bakteria asiyeweza kuila anapaswa kukaa na njaa na mrija ubaki kijani. Ukimshushia rundo la wenzake unampelekea na chakula walichotoka nacho kwenye sahani, anakula hicho, na mrija unaweza kugeuka bluu.

Tukarudia kwa waya mnyoofu, tukaigusa koloni mara moja tu, tukauchora mteremko mstari mmoja, kifuniko tukakilegeza. Pembeni tukaweka bakteria mbili za kulinganishia: E. coli ATCC 25922, ambayo lazima ibaki kijani, na klebsiela ATCC 13883, ambayo lazima iwe bluu. Siku iliyofuata mbili hizo zilitii, na ya kijana wetu ilikuwa kijani kibichi. Tukaipima kwa seramu za kumtambulia bakteria. Ya Vi, yaani koti lake la nje, iliganda mara moja. Ya O9 ilikataa mpaka tulipochemsha mchanganyiko robo saa, maana lile koti la Vi huifunika O. Ilikuwa taifodi.

Tofauti yake si ya makaratasi. Taifodi hukaa kwa binadamu tu, kwa hiyo ukiipata unauliza nani mwingine nyumbani ana homa, maji yanatoka wapi, nani anapika. Salmonela nyingine ikionekana kwenye damu ya mtu mzima unawaza VVU. Jibu la kwanza liliwafanya wodini wampime VVU, na hakuna aliyeuliza habari za nyumbani kwake. La pili ndilo lililompeleka bwana afya kule, akakuta ndugu zake wawili wamelala na homa.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu: Shikamoo mama. Nakubaliana nawe kwa sitreti na indoli, ila katalesi bodi iiondoe kwenye orodha. Bakteria wote wa familia hii ni chanya, sasa ya nini kulipia kipimo chenye jibu moja?

Mkongwe wa maabara: Marahaba mwanangu. Karibu wote. Shigela ya disenteria aina ya 1, ile inayoleta milipuko ya kuhara damu, ni katalesi hasi. Ukikuta koloni iliyopauka kutoka kwenye choo cha damu, oksidesi hasi, haitembei, haina gesi, halafu hidrojeni peroksaidi ya asilimia tatu haitoi povu, hapo unamwita mkubwa wako usiku huohuo. Na gharama yake ni tone. Angalizo ni moja: usichote kwenye agari ya damu ukakwangua na agari yenyewe, kwa sababu chembe nyekundu zina katalesi yao na zitakutolea povu la uongo.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu: Hilo darasani lilinipita. Nimeliandika.

Mama wa watoto wawili: Samahani naingilia. Mwaka huu nimeambiwa nina taifodi mara nne, zahanati tofauti, kila mara nachomwa kidole, dakika ishirini jibu tayari, nameza siprofloksasini. Je, hiyo oksidesi ndiyo nikaombe wanipime?

Daktari wa zamu: Hapana dada, oksidesi hapimwi mtu, anapimwa bakteria aliyekwisha kuoteshwa. Ulichopimwa wewe hutafuta kingamwili kwenye damu yako. Kingamwili hubaki baada ya ugonjwa kupita, na za maambukizi mengine zinaweza kuigiza. Homa ikirudi, kabla ya kumeza dawa yoyote waulize kama wanaweza kuotesha damu. Ukishameza, mara nyingi bakteria hawaoti tena.

Sasa nimgeukie Mkongwe, kwa heshima zote. Kisa chako ni kizuri, lakini hesabu siku. Jibu la kweli lilitoka karibu wiki moja baada ya kumtoa damu. Mimi wodini nilishampa seftriaksoni siku ya kwanza, pengine ameshakwenda nyumbani. Ninachotaka ni sahani ya dawa: ipi inaua, ipi haiui. Bila jina la bakteria nitaishi.

Mkongwe wa maabara: Kuhusu siku umesema kweli, sina la kujitetea. Kuhusu jina hapana, daktari. Sahani ya dawa huisomi bila jina. Chukua salmonela, weka kidonge cha jentamisini: utaona duara safi, pana, la kuvutia. Ukimpa mgonjwa haponi, kwa sababu salmonela hujificha ndani ya seli na jentamisini haiingii humo ya kutosha. Ndiyo maana salmonela na shigela haziruhusiwi kuandikiwa "inaua" kwa jentamisini, wala kwa sefalosporini za kizazi cha kwanza na cha pili, duara liwe pana namna gani. Usipojua ni nani yuko kwenye sahani, utaandika.

Daktari wa zamu: Hilo la jentamisini nalipokea. La siku bado linanisumbua.

Afisa wa maabara, mkoani: Nieleze kutoka upande wa mashine, maana ndiko bodi inakotaka kupeleka sampuli. Tunayo ya leza, inatoa jina kwa dakika chache. Ila nayo inahitaji koloni iliyokwisha kuota, siku za kuotesha ziko palepale. Na kuna jambo wauzaji hawaanzi nalo: haiwezi kuaminika kutofautisha shigela na E. coli, ni ndugu wa karibu mno. Ikisema E. coli na mgonjwa anahara damu, tunarudi kwenye mirija ileile: indoli, laisini, kutembea, kisha seramu.

Lakini sitaki Mjumbe adhani kwamba mirija ni salama kwa sababu tu ni rahisi. Niliwahi kufanya kazi sehemu ambapo oksidesi ilituumbua mara mbili mwaka mmoja. Bakteria wa kipindupindu ni oksidesi chanya, E. coli ni hasi. Mara ya kwanza tulitangaza shaka ya kipindupindu kumbe ni E. coli ya kawaida, kwa sababu tulitumia lupu ya nikromu, na chuma chake hugeuza kitendanishi kuwa zambarau chenyewe. Tangu hapo natumia kijiti cha meno. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Tulichota koloni ya manjano moja kwa moja kutoka TCBS, agari ya kuoteshea kipindupindu, asidi iliyokuwa pale ikazuia rangi, tukaandika hasi, na ilikuwa vibrio kweli, jamii ya bakteria wa kipindupindu. Ilibidi kwanza tuioteshe upya kwenye agari ya kawaida, kisha tupime. Siku mbili zilipotea na maji yale yanaendelea kunywewa.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu: Sisi tunafundishwa kusubiri dakika moja ndipo tusome.

Afisa wa maabara, mkoani: Sekunde kumi. Ukisubiri dakika, karatasi itageuka zambarau hata kwa E. coli, kwa sababu hewa peke yake inakioksidisha. Kitendanishi kikiwa kimeshakuwa bluu kwenye chupa, kimwage.

Mjumbe wa bodi: Nashukuru sana. Swali langu la fedha bado liko. Vituo vitatu vimeomba, na tunaweza kulipia kimoja. Hivyo vingine viwili vipewe vipimo vya haraka?

Mkongwe wa maabara: Kwa taifodi mimi nisingewapa. Wapeni chupa za damu na usafiri wa uhakika. Chupa ya damu huvumilia joto la chumba mpaka ifike, na choo kisafiri kwenye Kari-Blea, ile agari ya kusafirishia, si kwenye kikopo kikavu. Usiweke damu kwenye friji.

Daktari wa zamu: Mimi natofautiana. Kituo kikiwa saa tano kutoka kwa wengine na barabara hukatika masika, chupa itakaa hapo. Afadhali wafundishwe kutibu kwa dalili, na fedha ziende kwenye dawa.

Afisa wa maabara, mkoani: Daktari, dawa zipi? Mwaka 2016, Haidarabadi katika jimbo la Sindi, Pakistani, ilianza taifodi isiyosikia seftriaksoni. Walibakiwa na azithromaisini na kundi la meropenemu. Ilijulikana kwa kuotesha. Kutibu kwa dalili kusingewaambia chochote zaidi ya kwamba wagonjwa hawaponi.

Daktari wa zamu: Kituo kimoja kwa kila mkoa kinatosha kuona hilo. Si kila wilaya.

Mkongwe wa maabara: Hapo tutabishana mpaka jioni. Mheshimiwa, kuchagua kati ya vile vitatu, nenda mwenyewe bila taarifa. Omba wakuonyeshe zile bakteria mbili za kulinganishia, 25922 na 13883, na daftari la wiki iliyopita lenye matokeo yake. Kisha omba kuona chupa ya oksidesi na tarehe iliyoandikwa juu yake. Atakayekutolea vyote vitatu bila kutafuta kabatini, mlipieni huyo.