Picha ya 28 Desemba: Njia ya Maziwa ya kubandika, tuipokee au tuikatae?

Kijana wa Mkomani
Jamani nauliza. Ile picha ya jahazi mbele ya mji wa Lamu, Njia ya Maziwa imesimama juu ya mapaa kama moshi wa ubani, mwenyewe amekiri kwamba mbingu aliiongeza baadaye. Chini imeandikwa "Lamu, 28 Desemba, saa tatu usiku". Anataka itundikwe kwenye maonyesho yetu ya picha. Tuipokee au tuikatae?

Lenzi ya Langoni
Mwenye picha ni mimi, kwa hiyo niulizwe mimi nisisemwe kisogoni. Usiku ule mbingu ilikuwa safi, haina wingu hata moja, ila ilikuwa tupu. Nikachukua Njia ya Maziwa niliyoipiga mwenyewe mwezi wa nane kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Kamera yangu, mbingu yangu, kisiwa changu. Nimemwibia nani? Mchoraji akichora mwezi mahali usipokuwapo, hakuna anayemwita mwongo.

Mhesabu Nyota
Hilo neno "tupu" ndilo lililonichoma. Tarehe 28 Desemba saa tatu usiku hapa Lamu, ukiinua uso unakuta Kilimia karibu na utosi, kimeelekea kaskazini kidogo, na mashariki Jabari anapanda na mkanda wake wa nyota tatu. Mbingu ya kaskazi ndiyo yenye nyota kali kuliko zote za mwaka. Kisichokuwepo ni kile kitovu kinene cha Njia ya Maziwa, cha upande wa Nge na Mshale. Wakati huo wa mwaka jua lenyewe liko upande huohuo wa mbingu, kwa hiyo kitovu huchomoza nalo na huzama kabla yake kidogo. Saa tatu kiko chini ya miguu yetu. Hukuongeza kitu kilichofichwa na taa au vumbi. Umeweka kitu ambacho usiku ule hakikuwa juu ya upeo.

Bi Mwanashela
Mimi swali langu dogo tu. Kijana wa Mkomani, hilo ni jahazi au mashua? Maana mimi naona mashua.

Kijana wa Mkomani
Bi, tuko kwenye nyota.

Bi Mwanashela
Nyota mmezianza nyinyi. Chombo mmekitaja vibaya tangu mstari wa kwanza, halafu mnataka tuwaamini kwa mambo ya mbinguni.

Mtembeza Wageni
Haya mambo yamenigharimu. Mwaka mmoja mgeni alifika mwezi wa kwanza na picha ya namna hii kwenye simu, kaipata kwenye tangazo la nyumba moja ya kulala wageni. Akakodi chombo changu saa mbili usiku tumpeleke upande wa kisiwa cha Manda, na stendi yake ya kamera na lenzi kubwa. Tukakaa mpaka saa sita. Kila baada ya dakika kumi ananiuliza, "Inatoka upande gani?" Mimi namjibu ngoja, itatoka, kwa sababu nilishaiona mwezi wa nane na nikadhani ni kitu cha kila usiku. Asubuhi akadai pesa zake. Nikamrudishia nusu. Kwa hiyo mnaposema ni sanaa, mjue kuna mtu anakuja kununua tiketi ya boti kwa ajili ya hiyo sanaa.

Lenzi ya Langoni
Pole, lakini mimi sikumkodisha mgeni chombo.

Mtembeza Wageni
Sikusema ni wewe. Unajishtukia nini?

Mpenda Rangi
Mimi niko na mwenye picha. Kila kamera inadanganya. Macho yetu hayaioni Njia ya Maziwa na ule uzambarau na uchungwa. Kamera ikifunguliwa sekunde ishirini inakusanya mwanga ambao jicho haliwezi. Mkikataa ya kubandika, kataeni na ya sekunde ishirini.

Mhesabu Nyota
Nusu umesema kweli. Kwa jicho ni utando mweupe kama maziwa yaliyomwagika, na rangi nyingi zinatoka kwenye kamera na kwenye mkono wa mhariri. Lakini sekunde ishirini ni mwanga uliotoka juu ya chombo kile, usiku ule. Tena hata kuunganisha picha mbili mimi sina ugomvi nako. Wengi huweka kamera kwenye stendi, wanapiga nyumba kwa muda mrefu zitoke vizuri, kisha bila kusogeza stendi wanapiga nyota kwa muda mfupi zisivutike, halafu wanaziweka pamoja na kuandika chini kwamba ni mbili. Mahali ni palepale, saa ni ileile, upande ni uleule. Hii ya ndugu yetu ina miezi minne katikati.

Mpenda Rangi
Na asingekiri, ungejuaje? Tarehe umeisoma kwenye maandishi. Angeandika Agosti ungepiga makofi kama sisi.

Mhesabu Nyota
Swali zuri. Tuifute tarehe. Lenzi, mji uliupiga kwa lenzi gani, na mbingu kwa lenzi gani?

Lenzi ya Langoni
Mji kwa lenzi ya milimita 50, nikiwa kwenye boti mkondoni. Mbingu kwa ile pana ya 14.

Mhesabu Nyota
Basi. Kama kamera yako ni ya sensa kubwa, lenzi ya 50 inaona nyuzi kama 40 kwa upana. Nyosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni nyuzi kama kumi. Picha nzima ya mji ni ngumi nne tu, na kwa kimo ni chini ya tatu. Sasa mtafute Nge kwenye mbingu uliyobandika. Kutoka nyota yake nyekundu mpaka mwiba wa mkia ni kama ngumi mbili, angepaswa kula karibu nusu ya upana wa picha. Kwako ameingia kati ya milingoti miwili kama mjusi, na Njia ya Maziwa imepanda kutoka mapaani mpaka utosini, ndani ya picha isiyofika hata ngumi tatu kwenda juu. Hiyo inaonekana bila tarehe.

Jambo la pili ni upande. Mji wetu umeukabili mkondo na Manda, kwa hiyo aliye majini akiutazama anaelekea magharibi. Kitovu kikisimama juu kabisa hapa kwetu kiko kusini, si magharibi. Magharibi utakikuta kikizama, tena upande wa kusini-magharibi, kikiwa kimelala, si kimesimama kama moshi wa ubani.

Bi Mwanashela
Amesema milingoti miwili. Nimehesabu mmoja. Mwingine ni wa chombo cha nyuma. Mlingoti mmoja, tezi ya kukatwa, kidogo vile: mashua.

Nahodha wa Zamani
Bi kasema kweli, mashua. Jahazi la Amu omo yake husimama wima, hiyo imelala. Ama nyota, mato yangu yaliiona picha hii jana, nikamwambia mjukuu wangu hii ni ya kusi. Nge usiku mapema ni kusi. Kilimia usiku mapema ni kaskazi. Hatukuhitaji ngumi.

Kijana wa Mkomani
Nahodha, kwa hiyo tuikatae?

Nahodha wa Zamani
Sikusema hivyo. Nimesema ni mashua.

Msafiri wa Malindi
Nyinyi watu wa Lamu mna raha. Malindi taa za ufukweni zimewaka hata hizo za kweli hatuzioni, na nyinyi mnagombania ya kubandika. Mimi rafiki yangu mmoja ameongeza zile taa za kijani za nchi za baridi, orora, juu ya nguzo ya Vasco da Gama. Watu wakashangilia. Na msicheke, niliwahi kusoma kwamba orora ilionekana mpaka Bombay. Kwa nini isije Malindi?

Mhesabu Nyota
Bombay ni kweli, Februari 1872, katika dhoruba ya jua isiyo ya kawaida. Lakini inapotokea mbali hivyo na ncha za dunia huwa ni wekundu wa chini, upeoni, kama moto wa shamba la mbali. Yale mapazia ya kijani ya kuning'inia juu ya kichwa ni ya watu wanaoishi karibu na ncha. Juu ya nguzo ya Malindi hayo ni pazia la dirisha.

Msafiri wa Malindi
Sasa umeitukana Malindi.

Mtembeza Wageni
Ameitukana orora.

Mwanafunzi wa Picha
Naomba niongeze la chombo. Kama mbingu ile ingekuwa ya pigo moja, shata ingekaa wazi sekunde kumi au ishirini. Mashua iliyotia nanga haitulii sekunde ishirini. Ncha ya mlingoti ingefutika kama brashi. Hapa kamba zote zinahesabika. Halafu angalieni kando ya mlingoti, kuna mstari mwembamba wa mwanga unaoufuata mpaka chini. Hapo ndipo alipokata.

Nahodha wa Zamani
Maji yakipwa chombo hukaa topeni. Hapo kinatulia usiku kucha, hata ukitaka saa nzima.

Mwanafunzi wa Picha
Lakini chini yake mwanga wa taa unang'aa kwenye maji.

Nahodha wa Zamani
Tope bichi nalo hung'aa. Ulishakanyaga lini wewe?

Lenzi ya Langoni
Yalikuwa maji kupwa. Ahsante Nahodha. Ila mimi ndiye niliyekuwa naelea, kwa hiyo nilipiga haraka, na mstari wa mlingotini ni kweli, nilichoka kukata. Sasa niambieni, mnataka nifanye nini? Agosti kitovu kiko juu saa tatu na kitu, lakini kusi inapiga, mawingu yanapita, mkondo umechafuka. Kaskazi mbingu ni kioo na kitovu hakipo. Mimi naishi hapa, najua. Nilibandika kwa sababu vitu viwili nilivyovipenda havikutani.

Mhesabu Nyota
Vinakutana. Mwanzoni mwa Oktoba, tangambili, upepo umelegea. Saa tatu usiku kitovu kiko kusini-magharibi, ngumi tatu juu ya upeo, na kinazama baada ya saa tano. Tafuta usiku usio na mwezi, sogea na boti mpaka uutazame mji kwa kuelekea kusini-magharibi, weka lenzi ya 20. Panga kwanza kwenye Stellarium, ile programu ya ramani ya nyota. Au kama ni kaskazi unayoitaka, katikati ya Februari kinachomoza baada ya saa nane usiku, upande wa Manda. Utaikosa sura ya mji, lakini maji yatakuwa shwari.

Mtembeza Wageni
Saa nane usiku! Ungeniambia mwaka ule.

Mpenda Rangi
Oktoba mwaka jana mawingu matupu wiki nzima. Mimi bado nasema aandike "picha ya kuunganisha" chini, itundikwe. Tarehe ndiyo uongo, picha si uongo.

Mwanafunzi wa Picha
Na aondoe "saa tatu usiku".

Lenzi ya Langoni
Nikiandika "ya kuunganisha" hakuna atakayeinunua.

Mtembeza Wageni
Hapo sasa umesema.

Kijana wa Mkomani
Jamani maonyesho ni Ijumaa. Wanaosema ipokelewe ikiwa na maelezo waseme, wanaosema ikataliwe waseme.

Bi Mwanashela
Maelezo yaandikwe "mashua".

Nahodha wa Zamani
Na tanga lile lenye kiraka naona ni la watu wa Matondoni. Mwenyewe aliulizwa?