Naomba ushauri: shukrani kwa jirani baada ya matanga

Hamjambo wapendwa. Tulimzika baba wiki mbili zilizopita, na sasa naandika shukrani. Ujumbe wa kundi zima haunisumbui. "Shukrani za dhati, hatuwezi kuwataja nyote" unatosha. Ninayekwama kwake ni mama mmoja jirani yetu hapa Umoja. Siku tano mfululizo alituachia chupa mbili za chai mlangoni alfajiri, bila kubisha.

Niliandika "Mungu akuzidishie", nikafuta, maana kila aliyetuma mchango nimemwandikia hivyohivyo. Sasa nina hii: "Mama, asubuhi tulizokosa nguvu ya kuwasha jiko, tulikuta chai yako mlangoni. Asante."

Je, kutaja chai ni wepesi mno kwa msiba? Na nikiacha dua, mtu wa rika lake ataona nimepunguza heshima?