Upana wa vichujio kwa vichwa vya habari vya Kiswahili: tubaki na 3, 4, 5 au tushuke?

Muulizaji: Ninaainisha vichwa vya habari kwa mada: kitaifa, kimataifa, uchumi, michezo, burudani, afya. Natumia konvolusheni juu ya vekta za maneno, vichujio vya upana wa maneno 3, 4 na 5, mia moja kwa kila upana. Mwenzangu anasema upana huo ni wa Kiingereza, Kiswahili kinataka 1, 2, 3. Nani yuko sahihi?

Bi Sarufi: Mwenzako ana hoja. Hizo 3, 4, 5 zilienezwa na makala ya Yoon Kim ya 2014, na tathmini za filamu alizozipima zilikuwa na wastani wa maneno 20 ya Kiingereza. Vichwa vyetu ni vifupi, na kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa. "Simba yaichapa Yanga" ni maneno matatu tu. Kichujio cha upana 5 hakina pa kukaa: PyTorch itagoma na kusema `Kernel size can't be greater than actual input size`, nawe utajaza sifuri mpaka kitoshe.

Ila nisingeishia kwenye 1. Chukua "Simba aingia mjini, serikali yaonya". Huyo ni mnyama, kiambishi *a-* kinasema hivyo. Kwa klabu tungeandika "Simba yaingia mjini". Kichujio cha upana 1 kinaona *simba*, kingine kinaona kitenzi chenye *ya-*, na hakuna kinachojua kwamba hiyo *ya-* ni ya serikali. Habari inaishia michezo. Kichujio cha upana 2 kinasoma "simba aingia" kwa pamoja, na hapo ndipo maana ilipo.

Kaka Vekta: Kwani upana 5 haumezi upana 2? Nafasi tatu zilizobaki zipewe uzito wa sifuri, basi. Tumia 5 peke yake, modeli itajifunza yenyewe.

Bi Sarufi: Kihesabu ni kweli. Lakini vekta ikiwa na namba 300, kichujio cha upana 2 kina uzito 600, cha 5 kina 1500. Hizo 900 za ziada lazima zijifunze kunyamaza, na hujifunza kwa mifano tu. Mifano ikiwa michache, zitakariri majirani waliokuwepo kwa bahati: jina la mtu, jina la mji.

Mhariri wa Zamu: Modeli yangu inapeleka karibu kila kitu kitaifa, hata habari za muziki. Nipunguze upana?

Bi Sarufi: Hapana, kaka, hilo ni jambo jingine. Hesabu kwanza una vichwa vingapi kwa kila mada. Kitaifa ikiwa imezizidi nyingine mbali sana, upana wowote utakupa jibu hilo hilo.

Mhariri wa Zamu: Kumbe. Basi niseme la kazini kwangu: sisi huandika "bei ya mafuta", "Waziri wa Afya", "Kombe la Dunia", "Benki ya Dunia". Upana 2 utaona "ya dunia" na "la dunia", ukose kujua ni mpira au mikopo.

Bi Sarufi: Hapo umenena. Nomino mbili zikiunganishwa na *-a*, maneno ni matatu. Ndiyo maana 3 siiachi.

Kaka Vekta: Au futa *ya, wa, la, cha* kabla ya kuanza. "Kombe dunia" inatosha upana 2.

Bi Sarufi: Inatosha hapo, lakini unabandika maneno ambayo hayakuwa jirani, na *wa* na *ya* nazo zinasema jambo kuhusu ngeli. Mimi siifuti. Najua wapo wanaofuta na wanaridhika. Muulizaji, usituamini sisi. Angalia dirisha lipi la maneno limeshinda, yaani limepata alama ya juu kabisa, kwa kila kichujio:

```python
h = torch.relu(conv5(x))
alama, mahali = h.max(dim=2)
```

`mahali` ni neno ambalo dirisha linaanzia. Hesabu kutoka hapo, uchapishe maneno matano.

Muulizaji: Nimechapisha. Vichujio vingi vya upana 5 vimeshinda kwenye madirisha yenye neno moja la maana na nafasi tupu mwishoni. Vya 3 vimeshika "bei ya mafuta" na mfano wake. Naenda na 1, 2, 3. Ila "yaichapa" haimo kwenye msamiati wangu, na imepewa vekta ya neno lisilojulikana.

Bi Sarufi: Basi hata upana 2 hautaiona *ya-*. Tumia vekta za fastText, zinaunda neno geni kutokana na vipande vya herufi zake.

Kaka Vekta: Au kata maneno: *ya-i-chapa*.

Bi Sarufi: Ukikata hivyo, upana 3 umekuwa neno moja, na mjadala wa 3, 4, 5 unarudi mwanzo. Hilo sijalipima.