Tupeane uzoefu: barua pepe ya kuomba mali kauli kwa mwenye jumla

MamaDuka: Wenzangu wa maduka ya vyakula, mnaiandikaje hii barua pepe? Nataka sukari mifuko 10 na mafuta madumu 10, kama 2,200,000 hivi.

Stoo_Kuu: Dada, sisi wa jumla tunatafuta jambo moja: huo mzigo unaisha dukani kwako kwa siku ngapi? Ukiandika "nauza milioni nane kwa mwezi" hujatuambia kitu, huenda nusu ni soda na vocha. Taja bidhaa unayoomba tu. Sukari inatoka mifuko mingapi kwa wiki?

MamaDuka: Mifuko 4. Mafuta madumu 5.

Stoo_Kuu: Basi mafuta yanaisha wiki mbili, ila sukari inaenda hadi siku ya 17 au 18. Ukiahidi kulipa yote siku ya 14, mifuko 2 bado iko kwenye rafu. Hapo ndipo watu wanaanza kuzima simu. Igawe mara mbili:

> *Habari za kazi, Bosi. Naomba mali kauli: sukari kilo 50, mifuko 10 kwa 130,000, na mafuta lita 20, madumu 10 kwa 90,000. Jumla 2,200,000. Kwa miezi mitatu sukari imetoka wastani wa mifuko 4 kwa wiki, mafuta madumu 5. Nimeambatanisha risiti nilizonunulia kwako. Mzigo ukifika Jumatatu 2 Machi, nitalipa 1,100,000 Alhamisi 12 Machi, na 1,100,000 Jumatatu 23 Machi.*

Chuga_Boy: Risiti za nini? Tuma taarifa ya Lipa Namba ya miezi mitatu, imetosha.

Stoo_Kuu: Inasaidia kidogo. Ya taslimu haimo, wala haisemi kilichouzwa ni sukari au sabuni. Risiti za kununua kwangu zina tarehe: nikiona umerudi kila baada ya siku tano, sihitaji maneno mengi.

Saruji_Kwanza: Mimi wa vifaa vya ujenzi niombe siku 60, si ndiyo?

Bi_Hesabu: Saruji siku 60? Stoo ikiwa na unyevu inaganda kabla ya deni kuiva. Omba kwa kasi inavyotoka, kama alivyoambiwa dada. Na wewe MamaDuka, hiyo mifuko 4 umetoa ya daftari la madeni? Kama mmoja wateja wanakopa hadi mwisho wa mwezi, inayorudi na hela ni mitatu. Ya 12 Machi bado utaiweza, ila ya 23 itakubana.

MamaDuka: Kweli, mmoja hivi unakopwa.

Bi_Hesabu: Omba mifuko 8 basi, tarehe ziache zilezile.

Chuga_Boy: Na deni unalodaiwa na mwenye jumla mwingine, ulitaje?

Stoo_Kuu: Taja, tutalisikia tu sokoni.

Bi_Hesabu: Mimi nisingetaja kwenye barua ya kwanza. Akiuliza, ndiyo umjibu.